Jibu Moja kwa Maswali Mawili: Ripoti Niliyomwandikia Mwanachuo

Mtoto wa dawati la tatu, upande wa dirisha, alikuwa ameandika 7/12 mara mbili. Mara ya kwanza kwenye swali la 1, 1/3 + 1/4, na hapo alikuwa amepata. Mara ya pili kwenye swali la 3, 2/3 + 1/4, ambalo jibu lake ni 11/12. Nikatupa jicho kwa jirani yake. 7/12 na 7/12. Nikageukia dawati la nyuma yao, nikakuta hayo hayo.

Mbele ya darasa, kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo alikuwa anafunga kipindi. Amesimama vizuri, ubao umepangika, darasa la watoto 78 limetulia.

"Tumeelewana, Darasa la Tano?"

"Ndiyoooo, mwalimu!"

Walikuwa wanasema kweli kadiri walivyojua wao. Nami nilikuwa na kalamu mkononi na fomu ya tathmini mapajani, nikiwa mwalimu mlezi wake, na jioni ile nilitakiwa kumwandikia. Ni wiki kadhaa sasa tangu siku hiyo na bado ripoti ile inanirudia, kwa hiyo nimeona niandike hapa jinsi ilivyonihangaisha.

Somo lililopendeza

Lazima niseme wazi kwamba somo lilikuwa zuri kulitazama. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini zisizofanana. Kijana alikuja na vipande vya manila alivyovikata mwenyewe usiku uliotangulia: kizima kimoja kirefu, nusu mbili, theluthi tatu, na vipande vya moja ya sita vya rangi nyingine. Akavibandika ubaoni, nusu juu ya vipande vya sita, akawaacha watoto watazame bila yeye kusema neno. Dakika ya 9 binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, nusu ni sawasawa na vile vidogo vitatu."

Mwalimu mwingine angesema "vizuri sana" akaendelea. Yeye alimwita mbele, akamwambia awaonyeshe wenzake. Mtoto akahesabu kwa kidole.

Dakika ya 14 vipande vikaondolewa, ikaja njia ya kigawe kidogo cha shirika, KDS. Mfano wa kwanza, 1/2 + 1/3. Asili ya pamoja ni 6. "Mbili kwenye sita inaingia mara ngapi? Mara tatu. Tatu mara moja? Tatu. Tatu kwenye sita? Mara mbili. Mbili mara moja? Mbili." Ubaoni ikaandikwa 3 + 2 juu ya 6, jibu 5/6. Mfano wa pili, 1/2 + 1/5, mtoto akaja kuufanya mwenyewe: 5 + 2 juu ya 10, jibu 7/10. Makofi. Mfano wa tatu, 1/4 + 1/5, mtoto mwingine: 5 + 4 juu ya 20, jibu 9/20. Makofi tena.

Itazame mifano hiyo mitatu taratibu.

Kiasi, yaani namba ya juu, ni 1 kila mahali. Maana yake hatua ya kuzidisha kiasi, ambayo ndiyo moyo wa njia yenyewe, ilitamkwa lakini haikubadilisha chochote. "Tatu mara moja" inabaki tatu. Mtoto anayefuata kwa macho zaidi kuliko kwa masikio anaona kitu kingine kabisa: asili zinabadilishana nafasi na kupanda juu. 2 na 3 zinakuwa 3 + 2. 2 na 5 zinakuwa 5 + 2. 4 na 5 zinakuwa 5 + 4. Ni kanuni rahisi, inakumbukika, na kwa mifano yote aliyopewa inatoa jibu sahihi.

Inatoa jibu sahihi hata kwenye swali la 1 la zoezi. Inakwama kwenye swali la 3 tu, kwa sababu kitabu cha kiada kilikuwa kimeweka 2 pale juu.

Daftari 12

Sikuweza kupita madaftari yote 78, na sidhani kama kuna mlezi anayeweza ndani ya dakika zilizobaki. Nilipita mstari mmoja wa madawati kuanzia mbele hadi nyuma, nikatazama 12. Mstari mzima una faida kuliko kuchagua, kwani ukichagua utajikuta umesimama kwa wale walionyoosha mikono.

Watoto 9 walikuwa wamepata swali la 1. Kati ya hao 9, ni 3 tu waliopata swali la 3. Wale 6 waliobaki wote waliandika 7/12. Na kulikuwa na 3 ambao hawakupata lolote: walijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakaandika 2/7 na 3/7.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Kwa mwalimu anayesahihisha kwa kuangalia idadi ya vema, watoto 6 wale ni watoto wazuri. Wamepata maswali 4 kati ya 5, kwa sababu yale mengine yote yalikuwa na kiasi cha 1. Wangepewa alama nzuri wakaenda zao na kanuni mbovu kichwani, na wale 3 wa 2/7 ndio wangeitwa wabaki. Lakini kosa la hao 3 linaonekana na kila mwalimu wa hisabati analijua. La wale 6 limejificha nyuma ya vema.

Fomu haikuwa na mahali pake

Nilifungua fomu. Maandalizi: andalio la somo lipo, linalingana na azimio la kazi. Zana: zipo, zinafaa, zimetumika. Sauti. Matumizi ya ubao. Ushirikishaji wa wanafunzi. Usimamizi wa darasa. Muda. Kila kipengele kina alama zake, na kwa haki kabisa kijana alistahili alama za juu karibu kote.

Hakukuwa na mstari unaouliza kama mifano aliyoichagua inaweza kumtenga mtoto aliyeelewa na aliyenakili umbo. Ningejaza fomu ile kwa uaminifu kipengele kwa kipengele, na bado ripoti nzima ingekuwa haijasema jambo kubwa zaidi lililotokea darasani.

Mwalimu mwenzangu, mtu mzima katika kazi hii, aliniona nimeinamia karatasi muda mrefu. Akasema, "Kijana anafundisha, tena anajituma. Mpe alama zake aende. Wangapi siku hizi wanakuja hata andalio hawana?"

Sikumpuuza. Nimewaona wanachuo waliovunjwa na ripoti. Ndefu, zenye kila kasoro, kuanzia mwandiko hadi mkanda wa suruali, na kijana wa watu akaingia kipindi kinachofuata anatetemeka, anafundisha huku anamtazama mlezi badala ya watoto. Mwaka 1996 wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu mrejesho. Walikuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapima, mrejesho ulishusha utendaji wa mtu badala ya kuupandisha, na nguvu yake ilipungua kadiri ulivyomsogeza mtu kujifikiria mwenyewe na kuiacha kazi iliyo mbele yake.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa: nitaliandikaje jambo hili likae kwenye kazi, lisimkae yeye kifuani?

Kuanza na nilichokiona

Nilianza kwa kugawa karatasi yangu ya pembeni sehemu mbili. Kushoto niliandika yale tu ambayo kamera ingeyanasa: dakika, maneno, kilichoandikwa ubaoni, kilichoandikwa kwenye daftari. Kulia, maoni yangu. Halafu nikafunika upande wa kulia kwa mkono na kujiuliza kama kushoto pekee kunatosha kumfanya kijana afike mwenyewe kule nilikofika.

Kulitosha. Hesabu ya daftari 12 ilikuwa inazungumza yenyewe.

Nikaazima madaftari mawili ya watoto wa ule mstari. Mchana, kabla sijampa karatasi yoyote, nikamkalisha nje ya ofisi chini ya mwembe na kuyaweka mbele yake yakiwa wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama swali la 1 na la 3."

Alitazama. Akachukua kalamu, akaanza kukokotoa pembeni ya gazeti. Akarudi kwenye daftari la kwanza, akaenda la pili.

"Mama, huyu kaweka jibu moja kwa maswali mawili."

"Na huyu mwingine?"

"Naye." Akanyamaza kidogo. "Lakini 2/3 ni kubwa kuliko 1/3. Haiwezekani zikajumlishwa na robo ile ile zikalingana."

"Wamefanyaje, unavyodhani?"

Ilimchukua muda. Alijaribu kwanza kusema ni uzembe, kwamba wamenakiliana. Nikamwonyesha kwamba mmoja alikuwa dawati la tatu na mwingine la saba. Ndipo akaandika mifano yake mitatu ya ubaoni, mmoja chini ya mwingine, na nikamwona anaelewa. Alipitisha kidole kwenye zile 1 zote za juu.

Kama ningempa karatasi kwanza, angesoma hukumu. Alipopata karatasi baadaye, alikuta imeandikwa kitu ambacho tayari alikuwa amekigundua mwenyewe.

Nguvu zipi za kuandika

Sehemu ya ubora ilinisumbua kuliko ya kasoro, ingawa watu hudhani ndiyo rahisi. Mazoea yetu ni kutanguliza sifa kama mtu anayebisha hodi: una sauti nzuri, umevaa kiheshima, unajiamini, lakini. Msomaji yeyote mwenye akili anajua kinachokuja baada ya "lakini", na zile sifa za mwanzo anaziruka. Tena kijana hawezi kufanya lolote na "unajiamini". Kesho atajiamini zaidi kwa namna gani?

Nikaamua kuandika mambo mawili tu, yale ambayo kipindi kisingekuwa kilivyokuwa bila hayo. Hili hapa la kwanza, kama lilivyo kwenye ripoti:

*"Dakika ya 5 hadi ya 14 ulitumia vipande vya manila kuonyesha kwamba 1/2 na 3/6 zinalingana. Ulinyamaza ukawaacha watazame, na mwanafunzi wa nyuma akaligundua kwa maneno yake mwenyewe. Ulimpa nafasi alithibitishe mbele ya wenzake. Endelea kunyamaza namna hiyo. Vipande hivi ndivyo vitakavyokusaidia kwenye jambo ninaloeleza hapa chini."*

Sentensi ya mwisho niliifikiria sana. Nilitaka nguvu yake iwe ndiyo dawa ya kasoro yake, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kweli. Tatizo lilianzia pale vipande vilipoondolewa ubaoni. Njia ya KDS ikaja kama kitu kipya kisichohusiana na vile vipande, wakati 3/6 ya manila ndiyo ile ile 3 juu ya 6 ya ubaoni. Kwa hiyo sikuwa na haja ya "lakini". Nilihitaji kumwambia avirudishe.

La pili lilikuwa kwamba aliita watoto wa nyuma kwa majina yao, ndani ya wiki yake ya pili shuleni. Hilo nililiandika kwa sentensi moja.

Jambo la kurekebisha

Niliandika hivi:

*"Mifano yote mitatu ya ubaoni ilikuwa na kiasi cha 1. Kwa hiyo hatua ya kuzidisha kiasi haikuonekana kwenye maandishi. Katika daftari 12 za mstari wa dirishani, 9 walipata swali la 1 (1/3 + 1/4), ila 3 tu walipata swali la 3 (2/3 + 1/4). Watoto 6 waliandika 7/12 kwa maswali yote mawili. Inaelekea wamejifunza kubadilishana asili, si kutafuta sehemu zinazolingana. Swali la 'tumeelewana?' lilijibiwa na darasa zima kwa sauti, kwa hiyo halikuweza kulionyesha hili."*

"Inaelekea" niliiacha makusudi. Sikukaa na watoto 6 wale kuwahoji. Ushahidi wangu ni majibu yao, na kutoka kwenye majibu nimekisia njia. Mlezi akiandika kisio lake kama jambo lililothibitika, anamfundisha mwanachuo kufanya vivyo hivyo kwa watoto.

Yapo mengine niliyoyaona na sikuyaandika. Utangulizi ulizidi muda. Upande wa kushoto wa ubao ulimulikwa na jua na wale wa pembeni walikuwa wakisogea ili waone. Alifuta mfano wa kwanza mapema mno. Nilijiuliza sana kama kuyaacha ni kumficha. Nikaona kwamba kila mstari nitakaouongeza utapunguza uzito wa ule mmoja, na kijana angechagua kurekebisha ulio rahisi. Angekuja kipindi kinachofuata na ubao usio na mwanga wa jua na kanuni ile ile mbovu. La ubao nilimwambia kwa mdomo tukiwa tunatembea. Mengine yanasubiri.

Hatua zinazofanyika Alhamisi

Rasimu yangu ya kwanza ya hatua ilisema "chagua mifano yenye aina mbalimbali". Nikaisoma kana kwamba mimi ndiye mwanachuo, usiku, na andalio la kesho halijaandikwa. Aina mbalimbali zipi? Angeweza kuleta 1/7 + 1/9 na akawa ametii.

Nikaandika upya, hatua tatu, zote za kipindi cha Alhamisi:

*"Anza kwa kuandika ubaoni 1/3 + 1/4 na 2/3 + 1/4 kwa pamoja. Kabla ya kukokotoa, waulize jumla ipi ni kubwa na kwa nini. Andaa vipande vya moja ya kumi na mbili.*

*Kabla ya kujumlisha, andika kila sehemu kivyake: 2/3 = 8/12, 1/4 = 3/12. Usifupishe hadi uone wengi wanaandika hivyo wenyewe.*

*Dakika 5 za mwisho, badala ya 'tumeelewana?', toa swali moja lenye kiasi kisicho 1, kila mtoto alifanye kimya kwenye daftari. Kusanya madaftari ya mstari mmoja tu, 12 hivi, uyapange kwa aina ya jibu. Mimi na wewe tutayatazama mchana."*

Ile ya mistari na madaftari 12 si ujanja wa kukwepa kazi. Kwa darasa la watoto 78, hatua inayomtaka mwanachuo asahihishe yote kabla ya kipindi kinachofuata ni hatua ambayo haitafanyika, na mlezi anayeiandika anajua hivyo.

"Hii inakwenda chuoni?"

Aliisoma ripoti mara mbili. Swali lake la kwanza halikuhusu sehemu.

"Mama, hii inakwenda chuoni?"

Ndiyo, inakwenda. Mkufunzi wake ataisoma na alama zitaingia. Hapa bado sijatulia hadi leo. Karatasi moja inatakiwa imfundishe na papo hapo impime, na mtu anayejua anapimwa huanza kuficha. Angeweza kujitetea kwamba kitabu ndicho kilichopanga maswali. Angeweza kuanza kuchagua mada rahisi siku nikija.

Nilimweleza nilichofanya. Alama za vipengele nimeziweka kama alivyostahili, za juu, kwa sababu fomu inauliza kama zana zilitumika na zilitumika. Kwenye nafasi ya maoni ya jumla nimeliandika jambo la mifano kama lilivyo, bila kulipunguza, na chini yake nimeandika kwamba aligundua chanzo mwenyewe baada ya kuona madaftari. Hilo la mwisho pia ni ushahidi, na mkufunzi anastahili kulijua.

"Na Alhamisi nikirekebisha?"

"Alhamisi ina fomu yake."

Alhamisi

Aliandika jumla mbili ubaoni na kuuliza ipi kubwa. Mvulana mmoja akajibu bila wasiwasi, "Zinalingana mwalimu, zote ni saba ya kumi na mbili." Watoto kadhaa wakaitikia. Nilimwona kijana anataka kumsahihisha, akajizuia, akachukua vipande vya manila. Akabandika theluthi moja na robo, chini yake theluthi mbili na robo. Mstari wa chini ulirefuka ukapita wa juu. Darasa likaanza kubishana, na ule ulikuwa ubishi wa hisabati hasa.

Swali la mwisho lilikuwa 3/4 + 1/6. Mchana tukapanga madaftari 12 chini ya mwembe. 7 yalikuwa na 11/12. Moja lilikuwa na 4/10, yaani juu kwa juu na chini kwa chini. Na 4 yalikuwa na 22/24.

Hayo 4 alikuwa ameyatia mkasi.

Nikamuuliza kwa nini. "Hawakutumia KDS, mama. Wamezidisha asili tu." Ni kweli, walizidisha 4 kwa 6 wakapata 24, wakageuza 3/4 kuwa 18/24 na 1/6 kuwa 4/24, wakajumlisha bila kosa. Thamani yao ni ile ile ya 11/12, haijarahisishwa tu. Watoto hawa wamekielewa kile hasa ambacho wale wa 7/12 hawakukielewa, nao wamepewa alama ile ile ya kosa kama yule wa 4/10.

Ripoti ya pili ina jambo moja la kurekebisha, nalo ni hilo la usahihishaji. Hatua yake: ayarudie madaftari yale 4, aweke vema kwenye kugeuza na kujumlisha, na pembeni aandike kwa kalamu nyekundu, "Rahisisha." Halafu Jumatatu amwite mmoja wao ubaoni aonyeshe njia yake, na amwite mwingine wa 11/12 aonyeshe ya kwake, watoto waone zinakutania wapi.